Majira huanza lini? Tarehe mbili, na kivuli cha ufito uwanjani Tanga

*«Nafundisha jiografia sekondari hapa Tanga. Kitabu changu kinasema majira huanza 21 Machi, 21 Juni, 23 Septemba na 22 Desemba, lakini mtandaoni naona 1 Machi, 1 Juni, 1 Septemba na 1 Desemba. Kipi ni sahihi? Mbona hakuna tarehe inayolingana na masika yetu? Wanafunzi wanataka kupima wenyewe, nami sina kifaa chochote.»*

Mwalimu, orodha zote mbili zinafaa, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Orodha ya kitabu chako ni ya wanafalaki, na inajibu swali la jua liko wapi. Ile ya pili ni ya watu wa hali ya hewa, nayo inajibu swali la namna ya kufunga hesabu za vipimo. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa kuitazama pwani ya Tanga, na hilo ndilo linaloleta mkanganyiko darasani kwako. Hata hivyo jua la wanafalaki linahusika na masika yetu kuliko inavyoonekana, nami nitalifikia.

Nianze na majira ya kifalaki. Mhimili wa dunia umelala kwa nyuzi 23.4, na hauugeuzi mwelekeo wake dunia inapolizunguka jua. Ndiyo maana kuna wakati nusu ya kaskazini imeliinamia jua, na miezi sita baadaye ni zamu ya nusu ya kusini. Katika mzunguko huo kuna nyakati nne zinazoweza kukokotolewa hadi dakika: mbili ambapo jua liko wima juu ya Ikweta, ziitwazo ikwinoksi, na mbili ambapo limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini au ya kusini, ziitwazo solstisi. Wanafunzi wengi huja na imani kwamba majira yanatokana na dunia kulisogelea jua na kulikimbia. Waambie kwamba dunia huwa karibu kabisa na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, wakati Ulaya inatetemeka kwa baridi, na huwa mbali kabisa mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152, wakati Ulaya inatoka jasho. Umbali una kazi nyingine: dunia ikiwa karibu na jua hukimbia zaidi, kwa hiyo kutoka solstisi ya Desemba hadi ikwinoksi ya Machi ni siku 89 tu, ilhali kutoka solstisi ya Juni hadi ikwinoksi ya Septemba ni siku 93 na zaidi ya nusu.

Sasa angalia neno nililotumia: nyakati. Ikwinoksi ni kitambo kimoja, wala si siku nzima, na kitambo hicho huangukia tarehe tofauti kulingana na mwaka na saa za mahali ulipo. Kwa saa za Afrika Mashariki, ikwinoksi ya Machi mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20, saa 6:01 mchana. Mwaka 2026 ni tarehe 20, saa 11:46 jioni, na mwaka 2027 ni tarehe hiyohiyo, karibu na saa 5:25 usiku. Unaona inavyosogea: mwaka wa jua una siku 365 na takriban saa 5 na dakika 49, kwa hiyo kila mwaka wa kawaida tunabaki nyuma kwa saa hizo. Mwaka 2028 Februari inaongezewa siku, na ikwinoksi inarudi hadi saa 11:17 alfajiri ya tarehe 20. Mwaka 2023 ilitokea kitu kizuri cha kufundishia: London ilikuwa bado usiku wa tarehe 20, lakini sisi tulikuwa tumeshavuka usiku wa manane na ikwinoksi ikatukuta saa 6:24 usiku, tarehe 21. Tukio ni moja na kitambo ni kimoja, ila tarehe ni mbili. Kwa hiyo tarehe 21 Machi ya kitabu chako ni makadirio, na kwa miaka hii mingi tarehe 20 ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Septemba ni tarehe 22 au 23, Juni ni 20 au 21, na Desemba ni 21 au 22.

Wazee wa pwani walilijua tatizo hili kwa njia yao. Mwaka wao wa Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, ili kujua wakati wa kupanda na wa kusafiri, ulikuwa wa siku 365 kamili bila siku ya nyongeza. Matokeo yake siku ya mwaka ilikuwa ikisogea siku moja nzima kila baada ya miaka minne, na mkulima aliyeshika hesabu hiyo bila kuirekebisha angejikuta, baada ya vizazi kadhaa, anatazamia mvua katika mwongo usio wake.

Majira ya kimeteorolojia yana historia isiyo na mbingu ndani yake. Mwaka 1780 kilianzishwa mjini Mannheim, Ujerumani, chama cha wapimaji kilichosambaza vifaa vinavyofanana kwenye vituo vingi na kutaka vipimo vichukuliwe kwa saa zilezile. Chama hicho ndicho kinachotajwa kuwa kiliyagawa majira kwa miezi mitatu mizima mizima. Machi hadi Mei ni siku 92, Juni hadi Agosti ni 92, Septemba hadi Novemba ni 91, na Desemba hadi Februari ni 90, au 91 mwaka ukiwa mrefu. Tarehe hazihami, urefu haubadiliki isipokuwa kwa siku moja ya Februari, na msimu wa mwaka mmoja unaweza kuwekwa kando ya msimu wa mwaka mwingine bila mtu kuuliza kama siku ni zilezile.

Kuna sababu ya pili, ya kimaumbile. Katika nchi za baridi joto haliendi sambamba na jua, bali hulifuata kwa kuchelewa. Jua hufika kilele tarehe 21 Juni, lakini ardhi na maji vinaendelea kupata joto kwa wiki kadhaa, kama sufuria ambayo haichemki papo hapo moto unapokolea. Kwa hiyo wiki zenye joto kali huwa Julai na mwanzo wa Agosti. Ukichukua miezi mitatu yenye joto kuliko yote katika nchi nyingi za kaskazini unapata Juni, Julai na Agosti, na kuanza kuhesabu tarehe 21 Juni kunaiacha nje sehemu kubwa ya Juni na kuingiza wiki tatu za Septemba zilizokwisha kupoa.

Ili uone kwa nini sisi tuliofanya kazi vituoni tunashikilia tarehe 1, fikiria daftari la vipimo. Kila siku saa 3 asubuhi mpimaji huenda kwenye kipimamvua, humimina maji yaliyokusanyika katika chupa ya vipimo, husoma milimita, huandika. Mwisho wa mwezi anajumlisha, na jumla hiyo ndiyo inayosafiri kwenda makao makuu na kubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka. Tuchukulie mwaka ambao Machi ilileta milimita 120, Aprili 210 na Mei 260. Kwa hesabu ya miezi, msimu una milimita 590, na yeyote mwenye jumla za mwezi ataipata hesabu hiyo. Sasa mwingine aanze tarehe 20 Machi na kuishia tarehe 21 Juni. Jumla za mwezi hazimsaidii tena, kwa kuwa ni lazima afungue kurasa za kila siku za Machi na Juni, na kwenye vituo vya zamani kurasa hizo mara nyingi zimeliwa na mchwa au zina siku tupu. Tena, kama milimita 80 kati ya zile 120 za Machi zilinyesha kabla ya tarehe 20, zimeondoka katika msimu wake kana kwamba hazikunyesha. Atasema mvua imepungua, kumbe kilichobadilika ni mpaka tu.

Niongeze tahadhari niliyoilipia mwenyewe. Msimu wa Desemba hadi Februari unavuka mwaka, na Desemba inayoungana na Januari 2026 ni ile ya 2025. Nikiwa kijana kazini niliandaa jedwali la joto la miaka kumi nikichukua Januari, Februari na Desemba za mwaka uleule, kwa kuwa ndivyo zilivyokaa kwenye safu moja ya daftari. Kila «msimu» wangu ulikuwa umeunganisha miezi iliyopishana karibu mwaka mzima. Mkubwa wangu alilirudisha jedwali na alama moja tu ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, na nilikaa siku mbili kabla sijaliona kosa. Wanafunzi wako watafanya kosa hilohilo, kwa hiyo ni vizuri uwaache walifanye mara moja kabla ya kuwaonyesha.

Tukija nyumbani, kikwazo cha kwanza ni maneno. Wafasiri walipokutana na majira manne ya Ulaya waliazima majina yetu: kiangazi, kipupwe, vuli, na wengine wakatia masika mahali pa majira ya machipuko. Mtoto wa Tanga akisoma kwamba «vuli huanza tarehe 23 Septemba na majani hupukutika» anatazama mwembe wa nyumbani kwao, haoni jani linalopukutika, na anadhani kitabu kinasema uongo. Vuli yetu ni mvua. Mimi hushauri useme «majira ya kupukutika majani» na «majira ya machipuko» unapozungumzia Ulaya, ili vuli na masika yabaki majina ya mvua. Usisahau pia kwamba Tanga iko kusini mwa Ikweta, kwa nyuzi 5 na kidogo. Kwa kanuni ya kifalaki, ikwinoksi ya Machi inaanzisha machipuko kaskazini na inafungua kupukutika kusini, yaani kwetu, ingawa hakuna anayeliona jambo hilo kwenye joto la Tanga, ambalo kati ya Februari na Julai hupishana kwa nyuzi chache tu. Hata mchana wetu haubadiliki sana: ule mrefu kabisa wa Desemba unauzidi ule mfupi wa Juni kwa kiasi cha dakika 35, ilhali London tofauti hiyo inakaribia saa 9.

Kinachotutenganishia majira ni upepo na mvua. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili na kupata nguvu Juni na Julai wakati wa kipupwe, na katikati kuna maleleji, pepo zinapobadilishana. Mvua huja pale pepo zinapopokezana, kwa sababu ukanda wa mvua wa nchi za joto hulifuata jua likivuka kwenda kaskazini na likirudi kusini, ila hulifuata kwa kuchelewa, kama lile joto la Julai. Hapa ndipo jua la wanafalaki linapotuhusu. Watu wengi hudhani jua hutupita utosini siku ya ikwinoksi. Hapana, siku hiyo liko wima juu ya Ikweta. Tanga mjini hutupita tarehe 7 au 8 Machi likienda kaskazini, na tarehe 5 au 6 Oktoba likirudi. Bagamoyo, iliyo kusini zaidi, hupitiwa kama tarehe 4 Machi na 9 Oktoba. Masika hukolea Aprili na Mei baada ya pito la kwanza, na vuli huja baada ya pito la pili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika kwa Machi hadi Mei, na wa vuli kwa Oktoba hadi Desemba. Linganisha na majira ya kimeteorolojia: masika yanaingia barabara, lakini vuli inakataa, kwa sababu mgawo wa kawaida unaiacha Desemba nje na kuingiza Septemba ambayo kwetu bado ni kavu kiasi. Kwa hiyo anayechukua Septemba hadi Novemba na kuiita vuli ya Tanga anapima kitu kingine. Nalo neno «huanza» lina maana ya tatu hapa. Kwa mkulima, mvua zimeanza pale zinaponyesha kwa kiasi cha kuotesha na zisikatike mara. Watafiti wa kilimo mara nyingi hutumia kipimo cha angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu mrefu katika mwezi unaofuata. Hiyo ndiyo tarehe inayohama kwa wiki nzima nzima kati ya mwaka na mwaka, na huwezi kuijua kwa kutazama kalenda. Vuli ina hila zaidi ya masika, kwani joto la Bahari ya Hindi huivuruga, kama tulivyoona katika mvua kubwa za 1997, 2019 na 2023.

Kuhusu kupima, kifaa unacho. Tafuta ufito ulionyooka, usimame mita moja kamili juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, na uuhakikishe kwa timazi, hata ikiwa ni uzi wenye jiwe. Ukiinama kwa nyuzi moja tu, ncha ya kivuli inahama karibu sentimita mbili na kazi yote inaharibika. Kuanzia saa 6 mchana hadi saa 7, mwanafunzi mmoja atie alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, nayo Tanga haiwi saa 6 kamili: Machi 7 ni kama saa 6:35, Oktoba 6 ni kama saa 6:12.

Tarehe 7 Machi, wakati huo, kivuli kitakwisha kabisa chini ya ufito. Tarehe 20 Machi kitakuwa kimefika sentimita 9 upande wa kusini, na jambo zuri zaidi ni kwamba alama za chaki za siku hiyo, ukizichukua kuanzia asubuhi, zitakaa kwenye mstari ulionyooka kutoka magharibi kwenda mashariki. Wiki kadhaa kabla au baada yake zitajipinda. Tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri kitafika sentimita 54 kusini, na tarehe 21 Desemba kitakuwa sentimita 33, kaskazini.

Wanafunzi watajaribu kuipata solstisi kwa kungoja kivuli kirefu kabisa, nao watashindwa. Katika siku kumi za kuelekea tarehe 21 Juni kivuli hurefuka chini ya sentimita moja, na ukingo wake wenyewe una ukungu wa karibu kiasi hicho, kwa kuwa jua si nukta. Waambie wapime tarehe 1 Juni, watapata kama sentimita 51, kisha wangoje hadi kivuli kirudi kwenye alama ileile. Kitarudi karibu na tarehe 11 Julai. Siku ya katikati ndiyo solstisi. Mawingu ya Juni yakiwanyima siku moja, jozi nyingine yoyote ya siku zenye kivuli sawa inafaa.

Vipimo vya ufito vinatosha kwa darasa. Lakini kama mzazi au kikundi cha wakulima kinataka tarehe ya kuanza kwa mvua kwa ajili ya mkopo, bima ya mazao au mgogoro wa shamba, usiwape tarehe yako wala ya kitabu. Wapeleke kituo cha hali ya hewa kilicho karibu wakaombe rekodi za mvua za kila siku, na waulize pia kituo hicho kiko umbali gani na shamba, kwani mvua inayonyesha miteremkoni Usambara inaweza isiguse Tanga mjini siku hiyo.

Kama barua hii inakufikia baada ya Machi kupita, anzeni na pito la Oktoba. Chorani duara dogo la chaki kuuzunguka mguu wa ufito tarehe 1, na muangalie kivuli cha adhuhuri kikilikaribia kutoka kusini, kwa karibu sentimita moja kasorobo kila siku, hadi kitakapopotea.